Bibi ana kifua kikuu, mjukuu ana siku 12: chanjo kwanza au dawa kwanza?



Ndugu msomaji, wiki hii tunajibu maswali ya baba mmoja ambaye nyumba yake imepata mtihani. Mkewe alijifungua salama mtoto wa kike tarehe 29 Januari, uzito kilo 3. Siku ile mtoto hakupata chanjo ya BCG, mama akaambiwa amrudishe siku ya kliniki. Mama mzaa mama akasafiri kutoka mkoani kuja kumhudumia mzazi mpaka arobaini itoke, kama ilivyo desturi yetu. Bibi huyo alikuja na kikohozi cha karibu miezi miwili, ambacho kila mtu alisema ni vumbi na baridi. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto, akimkanda, akimbembeleza usiku ili mzazi apumzike, na wote watatu walilala chumba kimoja. Siku ya aqiqa shangazi mmoja akamtazama bibi vizuri, akaona amekonda na kanga inamwagika mabegani. Makohozi yakapelekwa kupimwa. Mtoto alipofikisha siku 12, tarehe 10 Februari, majibu yakatoka: bibi ana kifua kikuu cha mapafu.

Baba anauliza mambo matatu. Kwanza, je, amkimbize mtoto leo hii akachomwe BCG? Pili, kliniki wamemwambia mtoto anywe dawa ya kifua kikuu kwa miezi sita, naye haelewi kwa nini mtoto mzima, anayenyonya na kulala vizuri, anyweshwe dawa ya mgonjwa. Tatu, mke analia, anaona kumrudisha mama yake mkoani ni kumfukuza, na kubaki naye ni kumhatarisha mwanawe.

Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ndilo ambalo watu wengi hulikosea kwa nia njema kabisa.

Jibu ni kwamba asimkimbize kwenye chanjo. Mpango wa mtoto huyu ni kupimwa kwanza, halafu dawa, na BCG ije mwisho. Najua jambo hili linasikika kama limegeuzwa kichwa chini, maana sote tumezoea kusikia kwamba BCG ndiyo kinga ya kifua kikuu na kwamba mtoto aipate mapema iwezekanavyo. Maneno hayo ni sahihi kwa mtoto ambaye bado hajakaa na mgonjwa. Kwa mtoto ambaye tayari amevuta hewa ya mgonjwa kwa siku 12, hali ni nyingine.

BCG si dawa. Ni vimelea hai vya jamii ya kifua kikuu cha ng'ombe, vilivyodhoofishwa kwa miaka mingi katika maabara na Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, na herufi mbili za mwisho za jina la chanjo ni zao. Vikiingizwa kwenye ngozi ya bega, vinaufundisha mwili wa mtoto kumtambua adui. Mafunzo hayo huchukua wiki kadhaa. Mtoto akichomwa leo, leo hiyo hiyo hajakingwa, na vimelea alivyokwisha kuvuta kutoka kwa bibi haviisubiri chanjo ikomae. Tena hata ikikomaa, kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na zile aina za kifua kikuu zinazoua haraka, yaani ile ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima kupitia damu. Haizuii kila maambukizi, wala haiwezi kumtibu aliyekwisha kuambukizwa.

Kuna jambo la kihistoria hapa ambalo linafaa kutajwa. Mtoto wa kwanza duniani kupewa BCG alikuwa katika hali inayofanana sana na ya mtoto wetu huyu. Ilikuwa mwaka 1921, jijini Paris. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu muda mfupi baada ya kujifungua, na aliyebaki wa kumlea alikuwa bibi yake, naye ana kifua kikuu. Madaktari wakampa chanjo hiyo mpya kwa kuinywa, kwani wakati huo haikuwa ya sindano, na mtoto hakuugua. Mtu anaweza kuuliza, kama wao walichanja, kwa nini sisi tungoje? Jibu ni kuwa wao hawakuwa na kitu kingine mkononi. Dawa ya isoniazidi, ambayo ndiyo mtoto wetu anapewa, ilianza kutumika kutibu kifua kikuu mwaka 1952, miaka 31 baadaye. Sisi tunayo, na ni silaha inayofanya kazi tangu siku ya kwanza inapomezwa.

Na kwa nini visitolewe vyote viwili kwa pamoja? Kwa sababu isoniazidi haichagui. Inaua vimelea vya kifua kikuu, na vile vya BCG ni jamaa zao wa karibu, navyo vinakufa. Ukimchanja mtoto huku anakunywa dawa, unapanda mbegu na kumwagia maji ya moto. Chanjo itahesabiwa kwenye kadi, bega litakuwa limechomwa, wazazi watatulia, na kinga itakuwa dhaifu au haipo. Ndiyo maana utaratibu unasema mtoto amalize dawa, zipite wiki mbili ili dawa itoke mwilini, ndipo achanjwe.

Hapa pana neno kwa wale ambao watoto wao walikwisha kuchanjwa BCG siku ya kuzaliwa, halafu ndugu mgonjwa akagundulika. Msiseme “huyu ana chanjo, dawa ya nini”. Chanjo haimwondolei mtoto haki ya dawa. Apimwe na aipate kama mwenzake. Kadi ya kliniki iende naye ili tarehe ya BCG ionekane, kwani aliyechanjwa siku chache tu kabla ya kuanza dawa, mhudumu ataangalia kama chanjo irudiwe baadaye.

Kwa kupita tu, baba huyu alilalamika kwamba zahanati ilimnyima mtoto wake chanjo siku ya kwanza. Kichupa kimoja cha BCG huwa na dozi nyingi, mara nyingi 20, na kikishachanganywa hakitakiwi kupita saa 6; kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo vituo vingi vidogo hukusanya watoto wa siku moja. Ni kero, hasa kwa anayetoka mbali, lakini si kunyimwa.

Sasa swali la pili. Mtoto ni mzima, dawa ya nini?

Kifua kikuu kina hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna kuambukizwa, yaani vimelea vimeingia mwilini na vimejificha bila kuleta dalili yoyote. Na kuna kuugua, yaani vimeamka na vinaharibu mwili. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvifungia, na kati ya watu kumi wa namna hiyo haifiki zaidi ya mmoja atakayeugua maishani. Mtoto mchanga hana ngome hiyo. Uchunguzi uliofanywa zamani, kabla ya dawa kupatikana, ulionyesha kwamba watoto walioambukizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, karibu nusu yao waliugua, na wengi wao katika miezi michache tu. Kinachotisha zaidi ni kwamba kwa umri huo ugonjwa hukimbilia ubongoni. Nyumba nyingi zimezika mtoto kwa kile kilichoitwa degedege, na mzee mwenye kikohozi akaketi kwenye mkeka wa msiba bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili.

Dawa anayopewa mtoto mzima ni ya kuua vimelea vikiwa bado vichache na vimejificha. Ila kabla ya kuianza ni lazima ithibitike kwamba haumwi, na hatua hii isirukwe hata kama foleni ni ndefu. Mtoto mchanga mwenye kifua kikuu hakohoi kama mtu mzima. Dalili zake ni za kimya: hanyonyi kwa nguvu, uzito hauongezeki, ana homa isiyo na sababu, amelegea, anapumua haraka, yaani mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, tumbo limejaa kwa ini au bandama kuvimba, au utosi umevimba. Akionekana na mojawapo, atafanyiwa picha ya kifua na vipimo vingine, kama vile kupima majimaji ya tumboni au choo chake, kwa kuwa mtoto huyu hawezi kutoa makohozi. Akiwa mgonjwa kweli, atapewa dawa kamili za matibabu, ambazo ni mchanganyiko wa dawa kadhaa. Kumpa mgonjwa dawa moja ya kinga ni hatari mbili kwa wakati mmoja: haitamponya, na itawafundisha vimelea usugu.

Mtoto wetu alipimwa. Ananyonya, hana homa, pumzi zake ni 44 kwa dakika, na uzito wake ni kilo 3 alizozaliwa nazo, jambo ambalo ni la kawaida kwa siku 12 kwani watoto hupungua kidogo siku za mwanzo kisha wakarudi. Mama yake naye aliulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu kama mama ndiye mgonjwa, huenda mtoto aliambukizwa hata kabla ya kuzaliwa na uchunguzi wake huwa mzito zaidi. Hakuwa na dalili. Cheti chake cha kliniki ya wajawazito kilionyesha hana virusi vya UKIMWI. Hili linaulizwa kwa sababu BCG ni chanjo hai, na mtoto mwenye virusi hivyo inaweza kumdhuru.

Pia karatasi ya majibu ya bibi ililetwa. Wazazi wengi hawajui umuhimu wake. Kipimo cha makohozi cha siku hizi kinaonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Vya bibi havikuwa sugu. Vingekuwa sugu, isoniazidi isingetegemewa kumkinga mjukuu, na angepelekwa kwa wataalamu wa kifua kikuu sugu apangiwe dawa nyingine.

Kiasi cha dawa huhesabiwa kwa uzito, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 3 ni miligramu 30. Kidonge cha watoto kina miligramu 100 na kinayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo mama alielekezwa hivi: kidonge kimoja kiyeyushwe katika mililita 10 za maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kitikiswe mpaka chenga ziishe, kisha zivutwe mililita 3 kwa bomba lisilo na sindano, zitolewe taratibu pembeni mwa shavu. Kinachobaki kinamwagwa, hakiwekwi mpaka kesho. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, anarudishiwa dozi. Siku ikisahaulika, kesho yake anapewa dozi ya kawaida, si mbili. Vipimo hivi ni vya mtoto huyu na kidonge hiki. Wewe fuata ulivyoandikiwa, kwani vidonge vya watu wazima vina nguvu tofauti.

Pamoja nayo mtoto anayenyonya hupewa vitamini B6 kidogo kila siku, kwa kuwa isoniazidi huipunguza mwilini na upungufu wake huumiza mishipa ya fahamu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumwacha mtoto kwenye dozi ya kwanza huku yeye anakua. Mtoto huyu alipofika wiki 6 alikuwa na kilo 4.2, kwa hiyo mililita 3 hazikumtosha tena, zikawa 4. Atakapofika kilo 5 atahitaji nusu kidonge, yaani mililita 5, na akifika kilo 7 zitakuwa 7. Ndiyo sababu kliniki ya kila mwezi si ya kuchukua vidonge tu. Mtoto apande mizani. Mizani hiyo hiyo ndiyo inayotuambia mapema kama amegeuka kutoka aliyeambukizwa kuwa mgonjwa, maana uzito ukisimama tunamchunguza upya. Dawa yenyewe watoto huivumilia vizuri kuliko sisi watu wazima. Akianza kuwa wa njano machoni, akitapika mfululizo au akakataa ziwa, dawa isimamishwe na aletwe siku hiyo hiyo.

Upo pia mpango wa miezi mitatu unaochanganya rifampisini na isoniazidi katika kidonge kimoja cha watoto. Anayechagua ni mhudumu, kwa kutazama umri, dawa nyingine anazotumia mtoto na kilichopo kituoni. Ukipewa huo usidhani umepunjwa.

Dozi ya kwanza ilitolewa tarehe 10 Februari, kwa hiyo miezi sita inatimia tarehe 10 Agosti. Ongeza wiki mbili, BCG ni kuanzia tarehe 24 Agosti. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi kwa kalamu inayoonekana, kwani ndipo wengi wanapopotea: dawa ikiisha furaha inakuwa kubwa, na chanjo inasahaulika. Chanjo nyingine zote, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ziendelee kwa wakati wake. Hizo haziharibiwi na isoniazidi.

Nije kwa bibi, ambaye nadhani ndiye anayeumia zaidi katika kisa hiki. Baba alifikiri amrudishe mkoani kwa basi la asubuhi. Hapana. Matibabu yake ni ya miezi sita na yanahitaji msimamizi. Akikatishwa katikati ya safari na kuhamahama, anaweza kuacha dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Isitoshe, ndani ya basi lililofungwa madirisha atawaambukiza wengine. Abaki, aanze dawa leo, alale chumba chake chenye dirisha lililo wazi, mchana akae barazani au uani penye upepo. Akitumia dawa sawasawa, uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka, na kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi, akiwa na nafuu na kliniki wameridhika, anaweza kumkaribia mjukuu tena. Kabla ya hapo asimpakate, na akikaa na watu avae barakoa. Makohozi yake yawe kwenye kopo lenye kifuniko.

Lakini asitengewe sahani wala kikombe. Kifua kikuu hakipiti kwenye vyombo, shuka au kanga. Kinapita kwenye hewa anayoikohoa mgonjwa ndani ya chumba kilichofungwa. Kumwekea mama mzazi sahani yake pembeni ni kumvunjia heshima bila kumkinga mtu yeyote. Nimeulizwa pia kuhusu tahniki, kwamba bibi ndiye aliyemlainishia mtoto tende. Tende si tatizo. Tatizo ni uso wa anayekohoa kuwa shubiri moja kutoka kwenye pua ya mtoto. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi ampishe mwingine, naye aombe dua kutoka alipo, asogee akishapimwa.

Mama aendelee kunyonyesha bila wasiwasi. Maziwa hayapitishi kifua kikuu. Hata angekuwa mama mwenyewe ndiye mgonjwa, angenyonyesha huku akitumia dawa na kufunika mdomo na pua, na dawa kidogo inayopita kwenye maziwa isingemdhuru mtoto wala isingetosha kumkinga, hivyo angepewa yake.

Wengine wote waliolala nyumba hiyo wachunguzwe, na kaka yake mtoto mwenye miaka mitatu naye aanzishiwe dawa ya kinga akikutwa mzima. Huduma hizi za kifua kikuu katika vituo vya serikali hapa nchini hazilipiwi.

Ikifika Agosti, mtoto atachomwa kwenye ngozi ya bega la kulia. Baada ya wiki chache patatokea kipele, kitavimba, pengine kitatoa usaha, kisha kitakauka chenyewe na kuacha kovu. Wakati huo mtu atashauri kupaka mafuta, majivu au dawa ya kidonda. Msipake kitu na msikikamue. Mwosheni kwa maji safi kama kawaida, mkaushe, muache wazi. Ila tezi ya kwapani ikivimba sana au kutumbuka, mrudisheni kituoni aangaliwe.